Mteja Ameridhika, Lakini Haandiki

Mwalimu mkuu ameridhika. Sare zimefika kabla shule haijafunguliwa, wazazi hawajalalamika, malipo yamekamilika. Fundi anajipa moyo na kumtumia meseji: "Mwalimu, naomba uniandikie maneno machache kuhusu huduma yetu ili niwaonyeshe wateja wengine." Jibu linarudi palepale, la upole kabisa: "Sawa fundi, hamna shida, nitakuandikia." Wiki inapita, mwezi unapita. Fundi anaona haya kukumbusha, na mwisho anaanza kuamini kwamba huenda mwalimu hakuridhika kama alivyodhani.

Mara nyingi kuridhika ameridhika. Kilichomshinda ni karatasi tupu. Hajui aandike mistari mitatu au ukurasa mzima. Hajui nani atasoma, na kama mwenye shule ataliona jina lake mahali asipopatarajia. Zaidi ya hayo, kuandika ni kazi, na mwalimu mkuu ana madaftari, wazazi, mkaguzi na mtoto aliyeanguka uwanjani. Kwa hiyo ombi linawekwa kando "mpaka nitakapotulia", na kutulia hakuji.

Kuna kikwazo kingine tulichokirithi pande zote mbili. Muuzaji amelelewa na msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, basi kuomba kusifiwa anaona kama kukiri kwamba bidhaa yake ina kasoro. Mteja naye anakumbuka kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akiandika leo kwamba fundi huyu hana mfano, mwakani ataletewa kitambaa chepesi, na atamlaumu nani wakati sifa zote ni mwandiko wake? Ndiyo maana kumwambia mteja "unisifie" ni njia mbovu ya kuanza. Asiombwe sifa. Aombwe kueleza kilichotokea, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kwa dakika tano bila kujiona amejifunga.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue karakana ya mfano. Ipo Morogoro mjini, ina mashine sita za kushonea pamoja na ovaloki moja, na inashona sare za shule. Mwaka jana ilipata kazi ya shule moja binafsi ya msingi: watoto 260, seti mbili kila mmoja. Sasa fundi, mama wa makamo anayeiendesha karakana hiyo, anataka kubisha hodi kwenye shule nyingine tano au sita za binafsi, kuanzia Kihonda. Shule hizo hazimjui. Mapema mwezi Septemba, kabla hazijaamua nani atashona sare za Januari, anataka awe na ushuhuda wa mwalimu mkuu yule mkononi.

Jambo la kwanza ni kuchagua amwombe nani. Karakana ile imeshonea pia kwaya ya kanisa, harusi mbili na hoteli moja yenye jina kubwa. Kishawishi ni kwenda kwa hoteli, kwa kuwa jina lake linang'aa. Lakini mwalimu mkuu wa Kihonda atasoma sifa za hoteli na kujiuliza: hoteli ina wahudumu ishirini wazima wasiokua urefu kila muhula, inanihusu nini? Mwanasaikolojia wa Kimarekani Robert Cialdini, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1984 kuhusu namna watu wanavyoshawishika, alieleza kwamba mtu akiwa na shaka hutazama wenzake wamefanya nini, na huwafuata hasa wale wanaofanana naye. Mkuu wa shule atamsikiliza mkuu wa shule. Tena shule ya ukubwa wa kukaribiana, yenye wazazi wa aina ileile na matatizo yaleyale. Hoteli imsubiri siku fundi atakapokwenda kwa hoteli nyingine.

La pili ni wakati. Watu wengi huomba siku ya kukabidhi kazi, mteja akiwa bado anatabasamu. Kwa mpishi wa shughuli hilo linafaa, maana wali ukishaliwa umeshaliwa, na kesho yake asubuhi ndiyo saa nzuri ya kuuliza. Sare ni tofauti. Siku ya kukabidhi mwalimu anajua kitu kimoja tu, kwamba zimefika. Hajui kama zitaruka rangi zikifuliwa, kama marinda yatabaki mahali pake, kama zipu zitastahimili watoto wa darasa la pili. Akiandika siku hiyo ataandika "huduma nzuri", kwa sababu hana kingine cha kuandika. Ukisubiri mno nako, mpaka Agosti, mambo madogo yenye uzito yameshamtoka kichwani. Kwa sare, nadhani Machi ndiyo mwezi wenyewe: zimeshafuliwa mara nyingi, kumbukumbu ya Januari ingali mbichi, na purukushani za kufungua shule zimeisha.

Ipo nafasi moja inayoshinda kalenda yoyote: pale mteja anaposema mwenyewe bila kuulizwa. Mwalimu anapiga simu kuagiza sare tatu za watoto wapya na kupitisha neno, "Halafu fundi, rangi yako haijapauka, wenzetu wa jirani zao zimeshakuwa kijivu." Hapo ndipo pa kushika. Fundi hahitaji kutunga ombi lolote, anajibu tu: "Mwalimu, neno hilo ulilosema sasa hivi ndilo wakuu wengine wanalotaka kusikia. Nikikupigia jioni dakika tano unisimulie vizuri, itakuwa ni usumbufu?"

Nafasi hiyo isipotokea, ombi litumwe. Liwe fupi, na liwe limejibu yale maswali ambayo mwalimu angejiuliza kimoyomoyo: nifanye nini, itachukua muda gani, nani ataona, na nikitaka kukataa je? Fundi wetu angeweza kuandika hivi:

"Habari za kazi, Mwalimu. Mwezi Septemba nategemea kupeleka maombi ya kushona sare kwenye shule kama sita za hapa mjini. Wakuu wake hawanijui, na wangependa kusikia kutoka kwa mwenzao jinsi kazi ilivyokwenda. Ninaomba dakika tano za kuzungumza kwa simu, siku na saa unayotaka wewe. Huna haja ya kuandika chochote. Nitaandika mimi yale utakayosema, nikutumie uyasome, na hakuna neno litakalotoka kabla hujakubali. Kama si jambo rahisi kwa upande wa shule, niambie tu, nitaelewa kabisa."

Sentensi ya mwisho wengine huiogopa, wakidhani inamfungulia mteja mlango wa kutokea. Mlango huo upo hata bila ya sentensi hiyo, nao ni ile "nitakuandikia" ya upole. Ukimpa nafasi ya kukataa bila aibu, anayebaki ni mtu aliyekubali kweli. Asipojibu, kumbusha mara moja tu baada ya wiki moja au zaidi kidogo, kisha nyamaza. Mteja anayeendelea kukupa kazi ana thamani kuliko maneno yake.

Dakika tano zikipatikana, uliza nini? Kuna mwandishi wa masoko anayeishi New Zealand, Sean D'Souza, ambaye kwa miaka mingi amefundisha maswali sita ya kumuuliza mteja. Sita ni mengi kwa simu ya mwalimu mkuu, lakini la kwanza kati yake, kwa maoni yangu, linabeba uzito kuliko mengine yote kwa pamoja: ni kitu gani kilikutia wasiwasi kabla hujaamua kutupa kazi? Muuzaji wa kawaida hathubutu kuliuliza, maana anahisi anafukua shaka iliyokwisha kuzikwa. Lakini shaka aliyokuwa nayo mteja wa jana ndiyo aliyonayo mteja wa kesho. Mkuu wa Kihonda hakai ofisini akijiuliza kama fundi huyu ni "bora". Anajiuliza kama karakana ndogo hivi itamaliza kazi kwa wakati. Ushuhuda unaoanza na wasiwasi huohuo unamgusa kabla hajafika mstari wa pili.

Baada ya hapo maswali mawili au matatu yanatosha. Kazi ilikwendaje ikilinganishwa na ulivyoogopa? Kuna kitu kimoja kidogo kilichokurahisishia kazi? Na kuna kitu ambacho hakikwenda sawa? Hili la mwisho lisiachwe, nitaeleza sababu yake. Fundi aulize kisha anyamaze, bila kumdakia mwalimu maneno. Kama mwalimu anapenda kurekodi ujumbe wa sauti usiku akiwa nyumbani, atumiwe maswali hayohayo kwa maandishi na ajibu kwa sauti. Watu wetu wengi wanaoandika kwa shida huzungumza kwa ufasaha wa ajabu, hasa wakisimulia wazazi walivyowapigia simu.

Tuseme mwalimu alizungumza hivi:

"Kusema kweli mimi nilikuwa na wasiwasi. Mwaka juzi tulimpa fundi mwingine, akatuletea sare shule iko wiki ya pili, wazazi wananipigia simu mimi. Sasa nilipokuja pale kwako nikaona mashine sita, nikasema hawa watoto mia mbili sitini kweli ataweza? Lakini zilifika, nadhani tarehe kumi na tisa Desemba hivi, tumeshafunga. Halafu kile kitu cha kuandika jina la mtoto kwenye kila mfuko, kile kilinisaidia sana. Siku ya kufungua mwalimu wa zamu aligawa asubuhi moja tu, akamaliza. Zile zilizokuwa ndogo, kumi kumi na moja hivi, ulizibadilisha, sijui siku mbili au tatu. Rangi mpaka leo nzuri. Ndiyo hivyo, mimi sina neno."

Hapo fundi ana zaidi ya anachohitaji. Kazi yake sasa ni kupunguza bila kuongeza. Kwanza afungue daftari lake la makabidhiano: je, ilikuwa kweli tarehe 19? Zilizobadilishwa zilikuwa 10 au 11? Zilichukua siku ngapi? Mteja hakumbuki tarehe kama anavyokumbuka mshtuko, na kosa dogo la tarehe likigunduliwa na msomaji linachafua yote. Baada ya kuhakikisha, anaandika:

"Mwaka juzi sare zetu zilichelewa mpaka shule ikafunguliwa, na wazazi walinipigia simu mimi. Nilipoona karakana ina mashine sita nikajiuliza kama itaweza watoto 260. Sare zilifika tarehe 19 Desemba, kila moja kwenye mfuko wenye jina la mtoto, na siku ya kufungua mwalimu wa zamu aligawa zote asubuhi moja. Sare 11 zilikuwa ndogo, zikabadilishwa ndani ya siku tatu. Mpaka Machi rangi bado ni nzuri."

Maneno kama sitini tu. Hakuna "bora", hakuna "hodari", hakuna "nawapendekeza kwa moyo wote". Kila sentensi ina kitu ambacho mkuu mwingine anaweza kukipiga picha kichwani mwake. "Wazazi walinipigia simu mimi" imeachwa kama ilivyotoka kinywani, na ile "mimi" ya mwisho ndiyo inayoonyesha kwamba aliyesema hivi amewahi kukaa kwenye kile kiti. Mhariri mwenye bidii angeifuta kwa kuona ni ziada, na angekuwa amefuta sahihi ya mwenye maneno.

Sasa zile sare 11. Fundi atatamani kuziondoa. Mimi ningemshauri aziache, mradi mwalimu mwenyewe aridhie. Kila aliyewahi kuagiza sare za watoto mia mbili na zaidi anajua kwamba lazima chache zitapishana na mwili. Mtoto aliyepimwa Novemba harudi Januari na mwili uleule. Ushuhuda unaodai kwamba zote zilienea unanuka uongo. Unaosema 11 hazikuenea na zilibadilishwa kwa siku tatu unamwambia msomaji jambo alilotaka hasa kujua: mambo yakiharibika, fundi huyu anapokea simu.

Hata hivyo kuna kasoro za kuacha na kasoro zinazosema ushuhuda bado haujaiva. Kama mwalimu, alipoulizwa ni nini hakikwenda sawa, angesema kwamba sketi za darasa la nne zina bluu tofauti na za darasa la tano, hapo kuna tatizo la jora mbili zilizonunuliwa Kariakoo kwa nyakati tofauti bila kulinganishwa kwenye mwanga wa jua. Simu hiyo iishie kwenye kurekebisha sketi, na ushuhuda usubiri. Ni afadhali fundi alisikie hilo Machi kwenye simu ya dakika tano kuliko Oktoba, kazi ikiwa imeshapewa mtu mwingine.

Yupo pia mteja anayejibu, "Andika wewe unachotaka, mimi nitasaini." Kwetu hili ni la kila siku, na husemwa kwa nia njema. Ni njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayotoa shuhuda zisizo na maana. Fundi akikaa kujiandikia atajiita mwaminifu, mwenye kujali muda na anayefanya kazi kwa weledi, kisha atafanya hivyohivyo kwa mteja wa pili na wa tatu. Weka barua hizo tatu pamoja mezani utaona zimeandikwa na mkono mmoja, na mkuu wa shule, ambaye maisha yake yote amesahihisha insha, ataona mapema kuliko wewe. Jibu zuri ni kukubali nusu: "Sawa Mwalimu, nitaandika mimi, ila nijibu mambo mawili tu niandike maneno yako." Kisha ulizwe wasiwasi wa mwanzo na kitu kimoja kilichosaidia. Hata hapo kwa hapo, akiwa anakwenda garini, atajibu.

Yakishaandikwa, yarudi kwa mwenyewe. Hapa ndipo watu wenye haraka hujikwaa, maana idhini ni zaidi ya "sawa" moja. Kuna kukubali maneno, kuna kukubali jina litajwe, na kuna kukubali yatumike wapi. Mwalimu anaweza kuridhia maneno yake yasomwe na wakuu sita kwenye barua, lakini asipende kuyaona yamechapwa kwenye bango barabarani. Anaweza pia kuwa tayari kutajwa yeye, lakini jina la shule si lake kulitoa, ni la mwenye shule au bodi. Akiwa mwalimu wa shule ya serikali jambo ni zito zaidi, kwa kuwa mtumishi wa umma anayeonekana kumpigia debe mzabuni anaweza kuulizwa maswali na walio juu yake. Mwenye nafasi hiyo asisukumwe.

Ili mwalimu asilazimike kuandika hata hapa, fundi amtumie maandishi yaliyokamilika na chini yake aweke chaguo la kujibu kwa namba: 1, tumia jina langu na la shule. 2, tumia cheo na mji tu, bila majina. 3, usitumie kwanza, kuna kitu cha kurekebisha. Juu ya hayo aseme wazi matumizi: "Nitayaweka kwenye barua na meseji za WhatsApp kwa wakuu wa shule, si kwingine. Nikitaka kuyatumia mahali pengine nitakuuliza tena." Mwalimu anajibu "2" akiwa kwenye foleni ya benki, na kazi imekwisha. Jibu hilo litunzwe. Lipigwe picha ya skrini, liwekwe pamoja na daftari la makabidhiano. Chaguo la pili, lile la "mwalimu mkuu, shule binafsi ya msingi, Morogoro", lina nguvu ndogo kuliko jina kamili, ila bado lina uzito kama maneno yenyewe yana tarehe na idadi. Sifa tupu zisizo na jina hazina uzito wowote.

Picha zina habari yake. Kwa mshona sare, ushahidi mzuri kuliko wote ungekuwa watoto wamejipanga paredi, sare zimenyooka. Asiiguse. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilitangaza kuitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na katika tangazo hilohilo klabu moja ya starehe ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuwa amekubali. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na tume yake. Idhini ya mwalimu mkuu haisimami badala ya idhini ya mzazi. Fundi apige picha ya seti moja iliyokunjwa kwenye mfuko wake, jina la mtoto likiwa limefunikwa, na hiyo inatosha kabisa kuonyesha kile kitu kilichomsaidia mwalimu wa zamu.

Vipi kuhusu asante? Mtu amekupa muda wake, na desturi zetu zinadai shukrani. Lakini kwenye ununuzi wa shule kuna neno linalonong'onwa, kamisheni. Msomaji wa ushuhuda yeyote wa mwalimu mkuu kuhusu mzabuni hujiuliza, kimoyomoyo, kama alipewa kitu. Bahasha, kitenge, au punguzo la bei lililoahidiwa kabla ya maneno kutoka, vyote vinatia sumu, na vikijulikana vinamdhuru mwalimu kuliko fundi. Kwa hiyo kusiwe na ahadi ya aina yoyote kabla, na mtu binafsi asipewe chochote baada. Shukrani ya mdomo inatosha. Kinachomfurahisha mteja kuliko zawadi, na wengi hukisahau, ni kuambiwa matokeo: "Mwalimu, shule moja ya Kihonda wameniita nipeleke sampuli. Walisema walisoma maneno yako."

Yanatumikaje sasa? Wengi huyaweka mwisho wa barua, kama pambo, baada ya aya nne za kujieleza. Ya fundi wetu yangekaa karibu na juu, mara tu baada ya kutaja shaka ambayo yanaijibu. Kwenye WhatsApp, mahali ambapo mkuu atasoma mistari michache ya kwanza na kuamua, si lazima yote sitini yaende:

"Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni fundi wa sare hapa Morogoro, nina karakana ya mashine sita. Swali la kwanza ninaloulizwa ni kama tutamaliza kabla ya kufungua shule. Mwalimu mkuu mmoja wa shule binafsi ya msingi hapa mjini, mwenye watoto 260, alikuwa na wasiwasi huohuo. Anasema: 'Sare zilifika tarehe 19 Desemba, na siku ya kufungua mwalimu wa zamu aligawa zote asubuhi moja.' Naomba siku moja ya wiki ijayo nije na seti ya mfano uishike mwenyewe."

Sentensi moja imechaguliwa, ile inayohusu kuchelewa, kwa kuwa ndiyo shaka iliyotajwa. Kwa shule iliyowahi kuumizwa na rangi, fundi angechukua sentensi ya rangi. Kupunguza kunaruhusiwa mradi maana isipinde. Kutoa "Sare 11 zilikuwa ndogo" na kubakisha "Sare zilifika" kwenye meseji fupi si udanganyifu, lakini kubakisha kipande kinachomfanya msomaji aamini kwamba zote zilienea ni udanganyifu. Na sauti ya mwalimu ile aliyoirekodi usiku isisambazwe, hata kama inavutia. Aliitoa kwa fundi, na ilikuwa na maneno makali juu ya fundi mwingine ambaye mji mzima unaweza kumtambua.

Mkuu wa Kihonda akiwa makini atasema, "Nipe namba yake nimuulize." Fundi asiitoe hapohapo. Ajibu kwamba atamwomba mwenyewe ruhusa na kurudi kabla ya jioni, kisha ampigie mwalimu: nani atapiga, wa shule gani, anataka kujua nini. Mwalimu aliyetarajia simu huzungumza vizuri, na aliyeshtukizwa katikati ya kikao hujibu kwa mkato, nao mkato husikika kama kuficha jambo. Simu za namna hiyo zisizidi mbili au tatu kwa msimu. Zikizidi, aliyeombwa dakika tano ataona amegeuzwa ofisi ya mapokezi ya karakana.

Chini ya ushuhuda uwekwe mwezi na mwaka, hata kama hakuna anayedai. Maneno ya kusifu rangi mpaka Machi yana umri. Kitambaa kinaweza kubadilika, mashine sita zinaweza kuwa nne, na mkuu aliyesema anaweza kuhamia shule nyingine. Akihama, cheo chake kiandikwe kama kilivyokuwa siku aliyosema, na shule aliyoiacha isiendelee kutajwa kana kwamba yeye bado yupo, mpaka mkuu mpya naye aulizwe. Fundi mwenye akili atampigia yule aliyehama kumpa pole na pongezi za uhamisho, na katika mazungumzo atauliza shule ya huko inashonewa sare na nani.